Nani ni mtoto? Mstari wa utoto ulivyohamahama Shinyanga na Geita

Wasikilizaji wetu wengi wanakijua kikao cha namna hii. Msichana ana miaka 15. Alimaliza darasa la saba mwaka uliopita na hakuendelea. Kijana mmoja anayechimba dhahabu upande wa Nyarugusu ameleta posa, na mkononi ana pesa za kununua ng'ombe. Baba anasema binti amekua. Mama anasema bado. Bibi anasema yeye mwenyewe aliolewa pale tu mwili ulipokuwa tayari, na hakuna aliyemhesabia miaka. Ofisa ustawi wa jamii wa kata, akiitwa, atasema huyo ni mtoto na mazungumzo yameishia hapo.

Tukisikiliza kwa makini, watu hao hawabishani juu ya binti tu. Kila mmoja anatumia kipimo chake cha utoto, na kila kipimo kilifika hapa kwetu kwa wakati wake na kwa sababu yake. Hata sheria za nchi hazina kipimo kimoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema mtoto ni mtu aliye chini ya miaka 18. Sheria hiyohiyo inamruhusu mtoto kuanza kazi nyepesi akiwa na miaka 14. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 iliandikwa ikimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, na mvulana kuoa akiwa na 18. Kwa upande wa makosa ya jinai, mtoto aliye chini ya miaka 10 hahukumiwi kabisa. Sera ya vijana ya mwaka 2007 nayo inamwita kijana mtu yeyote kati ya miaka 15 na 35. Kwa hiyo binti wa mfano wetu ni mtoto, ni kijana, na kwa maandishi ya mwaka 1971 angeweza kuwa mke, vyote kwa siku moja.

Ili kuelewa tulifikaje hapa, inabidi turudi nyuma, kabla ya watu wa huku hawajaanza kuhesabu miaka.

Kabla ya miaka kuwa na namba

Katika Usukuma wa zamani mtoto hakuwa na umri kwa maana tunayoijua leo. Majina yenyewe yanatuonyesha. Kulwa na Doto ni mapacha, na Shija ni aliyewafuata. Mabula anakumbusha mvua, Nzala anakumbusha njaa. Jina lilikueleza mtu alizaliwa katika hali gani na baada ya nani, wala halikutaja mwaka. Mtu aliyetaka kujua nani ni mkubwa kati ya wawili aliuliza mpangilio huo, na ulimtosha.

Utoto ulipimwa kwa kazi ambazo mtoto anaziweza. Mvulana mdogo alichunga ndama na mbuzi karibu na nyumbani. Alipoweza kuzuia kundi lisiingie kwenye mashamba ya watu, alipewa ng'ombe na kwenda mbali zaidi. Msichana alianza kwa kumbeba mdogo wake mgongoni, kisha akachota maji, kisha akatwanga, kisha akapika kwa ajili ya nyumba nzima. Hakukuwa na siku moja ya kuvuka kutoka hatua moja kwenda nyingine. Wasukuma, tofauti na makabila mengi ya Tanzania, hawakuwa na jando wala unyago wa kumtangaza mtu mbele ya kijiji kwamba jana alikuwa mtoto na leo ni mtu mzima.

Wapo wanaosikia hilo na kusema kwamba basi zamani hapakuwa na ujana, kwamba mtu alitoka mgongoni mwa mama akaingia kwenye ndoa. Hapo sisi hatukubaliani. Ujana ulikuwepo, na kwa wavulana ulikuwa mrefu kuliko tunavyodhani.

Lugha yenyewe inaushuhudia. Kisukuma kina neno la mtoto, ng'wana, na kina neno jingine la kijana wa kiume ambaye hajaoa, nsumba. Wengi wao wakiitwa basumba, walikuwa ni kundi lenye uongozi wake. Kiongozi wao, nsumba ntale, ndiye aliyewaita vijana kwenye kazi za pamoja za kijiji kama kulima, kuvuna na kujenga, na aliyekwepa alitozwa. Jioni wavulana na wanaume walikaa kwenye shikome, moto wa uani, na hapo wadogo walisikiliza wakubwa wakizungumza habari za ukoo, mashauri na ng'ombe. Wasichana waliokaribia kuolewa walilala pamoja kwenye nyumba yao mbali kidogo na wazazi. Baada ya mavuno zilikuja ngoma, ambako makundi ya Bagika na Bagalu yalishindana, na vijana walionana na kuchaguana humo.

Hicho ni kipindi cha maisha chenye makazi yake, kazi zake na viongozi wake. Kisichokuwepo ni namba ya kuanzia na ya kumalizia.

Kilichoamua urefu wake kilikuwa ni ng'ombe. Kijana hakuweza kuoa bila mahari, na ng'ombe wa mahari hawakuwa wake. Walikuwa wa baba, au walisubiriwa kutoka kwa mkwe atakayemwoa dada yake. Mara nyingi ng'ombe walioingia kwa ndoa ya binti ndio waliotoka kwa ndoa ya kaka. Kwa hiyo kijana mwenye nguvu za kutosha alibaki nsumba mwaka baada ya mwaka, akiwasikiliza wazee, kwa sababu zizi halikuwa lake. Na kwa upande wa pili wa hesabu hiyohiyo, dada yake angeweza kuolewa mapema kwa sababu kaka zake walikuwa wanasubiri. Ujana wa kaka ulirefuka na ujana wa dada ukafupika, na zizi lilikuwa moja.

Kuhusu hoja ya bibi, kwamba zamani mwili ulitosha kuwa kipimo, kuna jambo moja la kuongeza. Mwili hauvunji ungo kwa umri uleule katika kila kizazi. Kumbukumbu za Ulaya zinaonyesha kwamba katika karne ya 19 wasichana wengi wa huko walipata hedhi ya kwanza wakiwa na miaka kama 16, na leo ni karibu na 13. Lishe duni, maradhi na kazi nzito huchelewesha, chakula kizuri huwahisha. Bibi anayesema aliolewa mwili ulipokuwa tayari huenda alikuwa na miaka zaidi kuliko mjukuu ambaye mwili wake umekuwa tayari leo. Kipimo kinaitwa kwa jina lilelile, lakini kimehama.

Migodi ya Waingereza na watoto wao

Wazo la kwamba utoto ni kipindi cha kulindwa, chenye umri ulioandikwa kwenye sheria, halikuanzia kwetu, na hata huko lilikoanzia si la siku nyingi. Mwaka 1960 mwanahistoria Mfaransa Philippe Ariès alitoa kitabu kilichodai kwamba Ulaya ya zamani haikuwa na wazo la utoto kabisa. Aliangalia, pamoja na mambo mengine, michoro ya kale ambamo watoto wamevikwa na kuchorwa kama watu wazima wadogo. Wanahistoria waliomfuata walimpinga kwa sehemu kubwa. Walionyesha kwamba wazazi wa enzi hizo waliwapenda watoto wao, waliwatengenezea vitu vya kuchezea na kuwalilia walipokufa. Kilichobaki katika hoja yake ni kidogo lakini kina uzito: mipaka ya utoto hubadilika, na shule ilichangia sana kuibadilisha. Kosa la Ariès, la kutoiona hatua ya maisha kwa sababu tu haifanani na yetu, ndilo lilelile ambalo mtu hulifanya akisema Usukuma haukuwa na ujana.

Kwa wasikilizaji wetu wa Geita, lililo karibu zaidi ni jambo lililotokea kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Uingereza. Watoto wa huko waliingia chini ya ardhi wakiwa na miaka saba, sita, na wengine mitano. Wadogo kabisa walikaa gizani wakifungua na kufunga milango ya kupitishia hewa. Wakubwa kidogo walivuta mikokoteni kwenye njia ambazo mtu mzima asingepita. Tume iliyotumwa kuchunguza ilichapisha ripoti yenye michoro ya watoto hao, na watu wa mijini wakashtuka. Sheria ya mwaka 1842 ikapiga marufuku wanawake na wasichana wote kufanya kazi chini ya ardhi, pamoja na wavulana walio chini ya miaka 10.

Miaka 10. Aliyefikisha 10 aliendelea kushuka mgodini kihalali. Na sheria ilikuta familia zilizotegemea ujira wa watoto, kwa hiyo si kila mzazi aliyeifurahia. Ilichukua miongo mingi hadi shule ikawa ya lazima, mwaka 1880, na hata hapo ilikuwa ni hadi miaka 10 tu. Baada ya hapo mstari ulisogea juu kidogo kidogo, kila mara ukisukumwa na shule. Kadiri watoto walivyokaa darasani muda mrefu zaidi, ndivyo pengo kati ya mwili kukomaa na mtu kuanza kujitegemea lilivyopanuka. Mwaka 1904 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Stanley Hall, aliandika kitabu kikubwa cha juzuu mbili juu ya pengo hilo, akaliita kipindi cha dhoruba na msukosuko. Tangu hapo wazo la kwamba miaka ya kubalehe ni hatua ya pekee ya maisha, yenye matatizo yake, likasambaa katika vitabu vya walimu na madaktari duniani.

Kodi, shule na tarehe ya kuzaliwa

Huku kwetu umri wa namba uliletwa kwanza na kodi. Serikali ya Kijerumani iliweka kodi ya nyumba mwishoni mwa karne ya 19, na Waingereza baadaye wakaweka kodi ya kichwa kwa kila mwanamume mzima. Lakini nani ni mzima, mahali ambapo hakuna aliyeandikiwa siku ya kuzaliwa? Karani alimtazama mtu na kukadiria. Nsumba ambaye kwa baba yake alikuwa bado kijana asiye na zizi, kwa karani alikuwa mtu mzima anayedaiwa. Kwa mara ya kwanza mamlaka kutoka nje ya ukoo ndiyo iliyoamua mtoto amekoma wapi, na ilifanya hivyo kwa sababu ilihitaji fedha.

Shule ilikuja polepole zaidi. Wakati wa ukoloni ilikuwa ya wachache, na kwa wafugaji ilikuwa ni gharama iliyoonekana waziwazi, maana mvulana aliyekaa darasani hakuwa machungani. Badiliko kubwa lilikuja baada ya uhuru. Azimio la Musoma la mwaka 1974 lilitaka watoto wote waingie shule ya msingi ndani ya miaka michache, na Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ikamfanya mzazi awajibike asipompeleka mtoto. Ada ya shule ya msingi ilifutwa mwaka 2001, na kuanzia mwaka 2016 ikafutwa pia kidato cha kwanza hadi cha nne.

Matokeo yake ni kwamba kwa kizazi cha leo utoto umevaa sare. Mtoto ni yule anayeonekana asubuhi barabarani na daftari. Na hapo hapo ikazaliwa imani ya kimya kimya kwamba asiyevaa sare si mtoto tena. Kwa maoni yetu, imani hiyo ndiyo inayowaponza wasichana wa huku kuliko mila yoyote tunayoilaumu, kwa sababu iliingia bila mtu kuitangaza, na hata sheria zimeifuata.

Angalia mpangilio wake. Sheria ya Ndoa ya 1971 ilikuwa jaribio la kuunganisha ndoa za kimila, za Kiislamu, za Kikristo na za kiserikali chini ya sheria moja. Miaka 15 kwa msichana, kwa ridhaa ya mzazi kama hajafikisha 18, ilikuwa ni maridhiano kati ya pande hizo. Mahakama iliweza hata kuruhusu ndoa kwa miaka 14 kwa sababu maalumu. Mwaka 1998 sheria ya makosa ya kujamiiana ikasema mwanamume akilala na msichana aliye chini ya miaka 18 amebaka, hata kama msichana amekubali, isipokuwa kama ni mke wake mwenye miaka 15 au zaidi na hawajatengana. Mwaka 2016 Sheria ya Elimu ikarekebishwa: anayeoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari anaweza kufungwa miaka 30.

Sasa mrudie binti wa kikao chetu. Angekuwa kidato cha kwanza, kijana wa Nyarugusu angekabiliwa na miaka 30 jela kwa kumwoa. Ameacha shule, na kwa maandishi ya sheria ya ndoa, baba akiridhia, posa hiyohiyo inakuwa harusi. Mwili wake na miaka yake ni vilevile. Kilichobadilika ni sare. Wala hakuna aliyekaa mahali akapanga iwe hivyo. Ni sheria tatu za miaka tofauti, kila moja ikiwa na picha yake ya mtoto, zilizowekwa moja juu ya nyingine.

Na si binti mmoja. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2010 ulikuta kwamba mkoani Shinyanga wanawake 59 kati ya kila 100 wenye miaka 20 hadi 24 walikuwa wameolewa au wanaishi na mwanamume kabla ya kufikisha 18. Kwa nchi nzima walikuwa 37. Tukumbushe kwamba Shinyanga ya 2010 ilikuwa kubwa kuliko ya leo. Mwaka 2012 sehemu yake ilikwenda kuunda mkoa wa Simiyu na nyingine ikaingia mkoa mpya wa Geita, kwa hiyo namba hiyo si ya Shinyanga ya sasa peke yake. Tangu wakati huo wastani wa nchi umeshuka, lakini polepole.

Dhahabu ilivyovunja foleni ya ng'ombe

Kila tunapozungumza habari za watoto na migodi, macho huenda kwenye hatari, na ni haki. Shirika la Human Rights Watch lilipotembelea machimbo madogo ya Geita, Shinyanga na Mbeya na kutoa ripoti mwaka 2013, lilikuta watoto kuanzia miaka minane wakichimba kwenye maduara, wakibeba na kuponda mawe, na wakichanganya zebaki na mchanga wenye dhahabu kwa mikono mitupu. Zebaki ikichomwa hutoa mvuke usioonekana wala kunuka. Mtoto huvuta hewa nyingi kulingana na uzito wake kuliko mtu mzima, na ubongo na mishipa yake ya fahamu bado vinakua, kwa hiyo kiasi kilekile kinamdhuru zaidi. Sheria ya Mtoto inautaja uchimbaji wa madini kwa jina kati ya kazi za hatari ambazo mtu wa chini ya miaka 18 haruhusiwi, hata kama amefikisha zile 14 za kazi nyepesi.

Lakini dhahabu imefanya na jambo jingine linalosemwa kidogo. Imevunja foleni ya ng'ombe. Tulieleza jinsi nsumba alivyosubiri zizi la baba. Kijana wa miaka 17 aliyekwenda kwenye rashi na kupata mgawo wake wa mifuko ya mawe, akasagisha kwenye karasha na kuuza, anaweza kurudi kijijini na pesa ya mahari ambayo baba yake hakuikusanya kwa miaka 10. Anaoa bila kumsubiri dada yake wala mzee yeyote. Anapanga chumba, ananunua simu na pikipiki, na nyumbani anaanza kuulizwa ushauri. Mzazi anayemwita mtoto anamwita kwa namba, huku kijiji kikimwona mtu mzima kwa mfuko.

Ndiyo maana kumwambia kijana huyo kwamba yeye ni mtoto hadi afike 18 mara nyingi hakumwingii. Kwake yeye neno hilo linamrudisha kwenye foleni aliyoiruka. Na ndiyo maana pia mdogo wake wa miaka 12 anatoroka shule kumfuata. Anachokifuata kule, pamoja na dhahabu, ni kuwa mkubwa.

Kwa msichana machimbo yanafanya kinyume. Yeye pia anaweza kupata pesa, kwa kuponda mawe, kuuza chakula au kuchota maji ya mialoni. Lakini pesa hiyo haimwongezei heshima ya utu uzima jinsi inavyomwongezea kaka yake. Wengi hujikuta wakitakiwa kimapenzi na wanaume wenye mgawo, na kurudi kijijini na sifa mbaya badala ya mtaji. Baba anayeharakisha ndoa ya binti wa miaka 15 mara nyingi si kwamba anamchukia. Anaogopa apate mimba nje ya ndoa na mahari ipungue, na anaona ng'ombe wako tayari leo kwa kuwa mchimbaji amepata. Hesabu ya zamani ya kaka na dada imebaki nusu. Kaka amejitoa kwenye zizi, dada bado yumo.

Mahakama, kisha kadi ya kliniki

Mwaka 2016 Rebeca Gyumi, mwanasheria na mtetezi wa haki za wasichana, alipeleka shauri Mahakama Kuu akisema vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa vinakwenda kinyume cha Katiba kwa kumwekea msichana umri wa chini kuliko mvulana. Julai 2016 mahakama ilikubaliana naye na kuipa Serikali mwaka mmoja kurekebisha. Serikali ilikata rufaa. Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ilisimama na uamuzi wa kwanza: umri uwe 18 kwa wote wawili. Muda uliowekwa ulikwisha bila Bunge kupitisha marekebisho.

Kwa kikao cha familia maana yake ni hii. Baba anayenukuu miaka 15 ya sheria ya 1971 ananukuu kifungu ambacho mahakama ya juu kabisa nchini imekwisha kukikataa. Ofisa anayesema 18 amesimama juu ya uamuzi huo na juu ya Sheria ya Mtoto.

Halafu linabaki swali ambalo karani wa kodi hakuwa na jibu lake: ana miaka mingapi hasa? Hapa kesi nyingi hukwama. Bila uthibitisho wa umri, mashtaka ya kumlinda msichana yanaweza kuanguka hata kama kila mtu kijijini anajua ukweli. Mahakama hupokea cheti cha kuzaliwa, lakini pia ushahidi wa mzazi, wa ndugu, wa daktari na wa msichana mwenyewe. Kadi ya kliniki iliyotunzwa kwenye sanduku husaidia. Tatizo ni kwamba mara nyingi mzazi anayetakiwa kuutaja umri ndiye aliyekwishapokea ng'ombe. Cheti kilichoandikwa mtoto akiwa mchanga hakibadiliki kwa sababu posa imekuja. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano, usajili wa RITA hufanyika bila malipo kwenye vituo vya afya vinavyotoa huduma ya mama na mtoto na kwenye ofisi za kata, na cheti hutolewa hapohapo.

Mstari wenyewe bado unatembea. Sera ya elimu iliyozinduliwa Februari 2025 inafanya elimu ya lazima kuwa miaka 10, yaani sita ya shule ya msingi na minne ya sekondari, na itaingia hatua kwa hatua. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza akiwa na miaka sita atapaswa kuwa bado na sare akiwa na 15 au 16. Binti wa kikao chetu, kama angezaliwa miaka michache baadaye, angekuwa darasani siku ile posa ilipokuja. Kaka wa Nyarugusu naye angetakiwa awe darasani, na kwake tunaona kazi ni ngumu zaidi, kwa sababu shule itakuwa inashindana na mfuko wa mawe.

Kwa sasa kikao bado kinaendelea. Mzee wa ukoo ametoa hoja kwamba wasubiri mavuno, na mama ameenda ndani kutafuta kadi ya kliniki.